Maongezi unayakumbuka, wimbo umekutoka: upite njia ipi?

Kwenye kibanda cha kujazia watu nyimbo hapa Ngamiani, Tanga, mteja anayekumbuka kiitikio hanisumbui. Anaimba mistari miwili, tunacheka, kazi imekwisha. Anayenitoa jasho ni yule anayesema: "Kaka, kuna mahali watu wanaongea tu, halafu wimbo unaanza. Nautaka huo wimbo." Hayo maongezi ndiyo skiti, na yana mtego wake. Sikio huyaunganisha na wimbo unaokuja baada yake, lakini kwenye albamu nyingi yamebandikwa mwishoni mwa wimbo uliotangulia. Unaweza kuyapata yenyewe kabisa, neno kwa neno, na wimbo unaoutaka ukawa bado hujauona.

Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kutafuta, nauliza hivi: njia hii inanipa maongezi, au inanipa wimbo?

Nitatumia albamu moja kuwa mfano, kwa sababu mitego karibu yote imo ndani yake. Ni The Miseducation of Lauryn Hill ya mwaka 1998. Inaanza kwa kengele ya shule, mwalimu anaita majina ya wanafunzi, na jina la Lauryn linapoitwa hakuna anayeitika. Mwalimu huyo ni Ras Baraka, ambaye mwaka 2014 alikuja kuwa meya wa jiji la Newark kule New Jersey. Darasa hilo linarudi tena na tena katika albamu, watoto wakibishana kuhusu mapenzi. Sasa tazama lilivyopangwa: uitaji wa majina una namba yake kwenye orodha, unaitwa "Intro", sekunde 47. Maongezi mengine ya darasani hayana namba wala jina. Yamegandishwa mkiani mwa nyimbo. Ukisoma orodha ya albamu kutoka juu hadi chini hutaona neno lolote la kukuonyesha kwamba mle ndani kuna darasa.

Dada mmoja wa Chuda aliniletea swali lake likiwa hivi: mwalimu anaandika ubaoni neno la Kiingereza la mapenzi, watoto wanalisoma, wanaanza kubishana. Baada ya hapo mwanamke anaimba wimbo wa taratibu, wimbo wa mtu aliyeumizwa. Jina la mwimbaji hakulijua.

"Ulikuwa unausikilizia wapi, dada?"

"Kanda ya shangazi. Ilikuwa inapigwa nyumbani kila Jumapili tukifua."

Swali la mahali pa kusikilizia si la kuchangamsha genge. Litatufaa sana mbele kidogo.

Njia ya kwanza ni kuandika. Hapa watu wengi hukimbilia kuandika maneno waliyoyasikia na kuyafunga kwa alama za kunukuu, wakitaka mtandao uwaletee sentensi ileile. Kwa wimbo njia hiyo inafaa, maana kiitikio kinarudiwa mpaka kinakaa kichwani sawasawa. Skiti husemwa mara moja, kwa Kiingereza cha mtaani, watu wakikatizana na kucheka, na sisi tuliisikia tukiwa watoto. Sentensi unayoikumbuka karibu kila mara imeshabadilika, na alama za kunukuu zinataka neno kwa neno. Ukikosea kiungo kimoja tu, hupati kitu. Afadhali ueleze tukio: nani anaongea, wako wapi, wanazungumzia nini. Kwa kisa cha dada huyu niliandika hivi:

```
album skit teacher classroom kids talk about love
```

Wanaozungumzia skiti mtandaoni nao huzieleza kwa matukio, si kwa kunukuu, ndiyo maana utafutaji wa namna hii unakutanisha maneno yako na yao. Jina la Lauryn Hill linajitokeza upesi. Ukishakuwa na jina la msanii, ndipo uende kwenye tovuti ya Genius, ambako watu huandika hata yale maongezi, chini ya maneno ya wimbo husika. Albamu kubwa za Marekani zimeandikwa vizuri. Unafungua wimbo mmoja baada ya mwingine, unashuka mpaka chini kabisa, unaangalia kama kuna majina ya wasemaji badala ya beti.

Tulivyofanya hivyo, tukio la ubaoni tukalikuta chini ya "Lost Ones", wimbo wa pili. Nikaupiga. Dada akasikiliza nusu dakika, akatikisa kichwa. "Sio huu kaka, huyu anagomba." Na kweli, "Lost Ones" ni rapu ya ugomvi, si ya taratibu hata kidogo. Njia ya kuandika ilikuwa imetupa maongezi, tena mahali pake hasa, ila haikutupa wimbo. Wengi hukata tamaa hapo na kusema nimewapotosha.

Njia ya pili ni kuisikilizisha simu, yaani Shazam na ndugu zake. Huduma hii ilianza Uingereza mwaka 2002, enzi ambazo mtu alipiga namba 2580 akaielekeza simu kwenye spika, na tangu 2018 iko chini ya Apple. Ni vizuri kuelewa inavyofanya kazi, maana watu wanaitarajia mambo isiyoyaweza. Haielewi maneno wala haijali lugha. Inachukua sauti iliyorekodiwa, inatafuta vilele vya sauti, yaani masafa gani yamepanda kwa nguvu na katika sekunde ipi, kisha inalinganisha mpangilio huo na rekodi zilizo kwenye ghala lake. Rekodi iwe ileile. Ukijifanya mwalimu ukasema mwenyewe maneno ya skiti, hata kama umeyapatia yote, haitakupa kitu. Zile huduma za kuimbia mluzi au kuguna nazo hazisaidii, kwa kuwa zinafuata mwendo wa sauti ya kuimba, na maongezi hayana mwendo wa namna hiyo.

Ukiwa na rekodi yenyewe, lakini, Shazam ina kasi ya ajabu. Umeisikia skiti kwenye gari, kwenye saluni, kwenye video ya mtu: washa, sekunde chache unapata jibu. Hata maongezi yasiyo na muziki chini yake yanaweza kutambulika, mradi rekodi hiyo imo ghalani. Tatizo ni jibu lenyewe. Litakuambia jina la faili lililobeba maongezi. Kwa darasa letu lingesema "Lost Ones", na dada angebaki palepale. Kama skiti imetolewa kwenye filamu ya zamani, unaweza pia kuletewa kazi nyingine kabisa iliyokata kipande hichohicho cha filamu.

Kwa wenye kanda kuna shida nyingine. Deki ya zamani yenye mkanda wa mpira uliolegea huzungusha polepole, na nyingine hukimbia. Sikio lako halioni tofauti ndogo, lakini vilele vile vinahama mahali pake na simu inakataa. Kipimo ni rahisi: chukua wimbo wowote unaoujua kwenye kanda hiyohiyo, uisikilizishe Shazam. Ukikataliwa na huo pia, ugonjwa uko kwenye deki, na usipoteze bando kuirudia ile skiti.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda, ingawa wateja huiona ya kizee: kukaa na orodha ya albamu na kusoma namba na dakika. Tovuti ya Discogs inafaa kwa sababu inaonyesha kila toleo kivyake, la kanda, la sahani, la sidii, la nchi hii na ile. MusicBrainz nayo inatoa urefu wa kila wimbo kwa kila toleo. Njia hii inataka ujue msanii kwanza, au angalau uwe na albamu mbili tatu unazozishuku. Kwa hiyo haiwezi kuanza peke yake. Ila ikianza, inajibu swali ambalo zile mbili za mwanzo haziligusi: baada ya maongezi, ni nini kinafuata?

Orodha ya Lauryn Hill inaanza hivi: "Intro" 0:47, "Lost Ones" 5:33, "Ex-Factor" 5:26, "To Zion" 6:08, "Doo Wop (That Thing)" 5:20. Maongezi ya ubaoni yako mkiani mwa namba mbili. Kanda inakwenda moja kwa moja, hairuki wala haichanganyi. Basi kilichokuwa kinafuata nyumbani kwa shangazi ni namba tatu. Nikapiga "Ex-Factor", na kabla ubeti wa kwanza haujaisha dada alikuwa anaimba nao.

Hapo ndipo swali la mahali pa kusikilizia linapolipa. Angeniambia aliusikia kwenye memori kadi iliyochomekwa kwenye sabufa, nisingeiamini orodha haraka hivyo. Redio na simu nyingi hupanga mafaili kwa alfabeti, nyingine kwa jinsi yalivyonakiliwa. Chukua albamu hiihii, ondoa namba zilizo mbele ya majina, ipange kwa alfabeti: baada ya "Lost Ones" hakuja "Ex-Factor", anakuja "Nothing Even Matters". Nao ni wimbo wa taratibu, wa mapenzi, mwanamke anaimba. Mtu wa memori kadi na mtu wa kanda wangenieleza jambo lilelile kwa maneno yaleyale na wote wangekuwa wakweli, ila wanataka nyimbo mbili tofauti. Ningewatofautisha kwa swali moja, kama kuna sauti ya mwanaume anayeitikizana na mwanamke. Ikiwepo, huyo ni D'Angelo, na ni "Nothing Even Matters".

Dakika nazo zinasema. "Doo Wop" ya kwenye albamu ina 5:20, lakini ile iliyokuwa ikipigwa redioni ni fupi kwa zaidi ya dakika moja, kwa sababu darasa limekatwa. Ukiona wimbo huohuo una urefu wa aina mbili na tofauti ni dakika nzima, mara nyingi maongezi ndiyo yaliyotoka. Kwa hiyo anayetaka skiti asipakue toleo la redio wala la mkusanyiko wa nyimbo bora, maana wakusanyaji huchukua wimbo na kuacha mkia wake. Matoleo yaliyosafishwa matusi nayo hukatakata, na skiti ndizo zenye matusi mengi.

Kuna albamu zinazokurahisishia. Ile ya kwanza ya Wu-Tang Clan, ya 1993, ina wimbo ulioandikwa "Can It Be All So Simple / Intermission". Ule mkwaju katikati unakuambia wazi kwamba wimbo ukiisha kuna kitu kingine ndani ya faili hilohilo, na kweli yapo mahojiano ambamo wanalitambulisha kundi. Ukiona mkwaju, ukiona "Interlude" au "Skit" kwenye jina, nenda moja kwa moja. Lakini usilitegemee jina tupu. Eminem ana "Paul (Skit)" kwenye albamu ya 1999, nyingine ya 2000, nyingine ya 2004, na tena ya 2009, zote ni meneja wake Paul Rosenberg akiacha ujumbe wa simu. Mteja akisema "ile meneja anapiga simu" bado hajaniambia kitu. Namuuliza wimbo uliotangulia au uliofuata, narudi kwenye orodha, ndipo najua ni Paul wa mwaka gani.

Kidogo kuhusu sidii, kwa wale ambao bado wanazo kwenye sanduku. Sidii inaruhusu kuwe na sehemu kati ya wimbo na wimbo, kabla namba mpya haijaanza kuhesabiwa, na wasanii wengine waliweka maongezi humo. Deki ikifika hapo, saa yake huhesabu kurudi nyuma ikiwa na alama ya kutoa, hadi sifuri, ndipo wimbo unaanza. Ukiacha sidii itembee yenyewe utayasikia. Ukibonyeza namba ya wimbo, deki inaruka hadi sifuri na maongezi yanapita pembeni. Mtu anaweza kuapa kwamba sidii yake haina skiti, kumbe kila siku anabonyeza namba. Na sidii hiyo ikinakiliwa kwenye kompyuta, programu kama EAC kwa kawaida hubandika sehemu ile mwishoni mwa faili lililotangulia. Unaona tena: maongezi yaliyokusudiwa kufungua wimbo wa nne yanaishia mkiani mwa wa tatu. Asili ya mkanganyiko mwingi wa skiti ni hapo.

Sasa uchague ipi? Kama skiti inapigwa sasa hivi mbele yako, usifikirie, washa Shazam kisha fungua albamu uliyotajiwa. Kama unayo kichwani tu, eleza tukio kwa maandishi, usinukuu. Kwa vyovyote, safari yako imalizikie kwenye orodha ya albamu, kwa sababu ndiyo pekee inayojua mpangilio. Mimi sijaona faida ya kuanza kwa kusikiliza albamu nzima nzima ukibahatisha. Inakula bando, na kwa skiti ni rahisi kuvuka mkia wa wimbo ukiwa umeshachoka. Ikibidi, usisikilize mwanzo wa nyimbo. Vuta kila wimbo hadi dakika yake ya mwisho, halafu acha uingie wenyewe kwenye unaofuata. Albamu ya nyimbo kumi na nne unaimaliza ndani ya nusu saa.

Kwa muziki wetu mpango unabadilika, na hili nalisema hasa kwa watu wa Tanga wanaonijia kutafuta vitu vya enzi za Wagosi wa Kaya. Albamu nyingi za Bongo Fleva za miaka hiyo zilitoka kwenye kanda, na wachache sana wameyaandika maongezi yake popote, kwa hiyo kueleza tukio mtandaoni kunakurudisha mikono mitupu. Shazam nayo inashindwa pale rekodi haijawahi kupandishwa kwenye huduma yoyote. Hapa anayekuzidi ni mtu aliyekuwa na kanda. Mwulize wimbo gani ulikuwa unamaliza upande A, maana karatasi ya kanda huorodhesha nyimbo na kuacha skiti, na mwenye kanda anakumbuka mahali alipogeuza. Sehemu nyingine ya kutazama ni video ndefu za albamu nzima YouTube. Maoni ya chini mara nyingi yana dakika alizoandika mtu, ukizibonyeza zinakupeleka hapo.

Tena kwa nyimbo zetu, kwanza hakikisha kama ni skiti kweli. "Ndio Mzee" ya Profesa Jay watu huniletea wakisema ni maongezi ya mwanasiasa na wananchi yaliyo kabla ya wimbo, nami huwaambia ule ndio wimbo wenyewe: mgombea anaahidi, umati unaitikia. Dalili ni mdundo. Kama mdundo unaendelea chini ya maongezi na mwitikio unarudi kwa vipimo vilevile, unatafuta wimbo, na jina lake huenda ni yaleyale maneno yanayoitikiwa. Mdundo ukikatika, zikasikika kelele za mtaani, mlango, simu au kiti kinasogezwa, hapo una skiti.

Jambo lingine lililowasumbua watu miaka mingi ni albamu ambazo hazikuwepo kabisa kwenye huduma za kusikiliza mtandaoni. De La Soul, ambao albamu yao ya 1989 ndiyo iliyoeneza mtindo huu wa skiti kwenye hip hop kwa mchezo wao wa chemsha bongo unaojirudia kati ya nyimbo, waliingia kwenye huduma kubwa za kusikiliza Machi 2023. Kama uliitafuta albamu ile kabla ya hapo ukaikosa, itafute upya.

Ukishaupata wimbo wako, usiondoke na faili moja. Chukua lenye maongezi na la wimbo unaofuata, na mwambie anayekujazia aache namba mbele ya majina, 02 na 03, kama zilivyo kwenye albamu. Dada wa Chuda nilimpa hivyo, "Lost Ones" na "Ex-Factor" zikifuatana. Kama simu yako ina mpangilio wa kuunganisha nyimbo bila nafasi katikati, uwashe, maana ukimya wa sekunde mbili kati ya kicheko cha watoto na mwanzo wa wimbo unatosha kukufanya uhisi kwamba sio wenyewe. Uchanganyaji wa nyimbo, ile alama ya mishale miwili iliyopishana, uzime.